Picha za kabla na baada za makovu ya chunusi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kazi yangu ni kupiga picha za mashavu. Kwenye kliniki ya ngozi ninakofanya kazi, hapa Dar es Salaam, mtu haanzi matibabu ya makovu mpaka apite kwanza kwenye kijichumba changu chenye kiti kimoja, taa mbili na ukuta wa kijivu. Wengi huingia simu mkononi. "Dada, mimi nataka nitoke hivi," ananiambia, na kunionyesha jozi ya picha aliyoiona Instagram. Haya ndiyo maswali yanayofuata baada ya hapo. Nimeyajibu kwa upande wa makovu ya chunusi na madoa meusi tu, kwa kuwa ndiyo ninayoyaona kila siku, na kwa kuwa sijaona mahali taa inapodanganya kirahisi kama kwenye shavu lenye mashimo.

Taa peke yake inaweza kweli kufuta shimo usoni?

Inaweza, bila filta na bila kugusa picha. Kovu la shimo mara nyingi halina rangi yake. Tunaliona kwa kivuli chake. Fikiria barabara ya vumbi. Jua linapozama, mwanga unatambaa juu ya ardhi na kila shimo linajitokeza kwa ukingo mmoja unaong'aa na mwingine wenye giza. Saa sita mchana mwanga unaingia mpaka chini ya shimo, na barabara ileile unaiona imenyooka. Usoni ni hivyohivyo: taa ikitoka juu au ubavuni, mashimo yanaonekana, taa ikitoka palepale kamera ilipo, kivuli kinajificha nyuma ya ukingo na kamera haikioni.

Usiniamini mimi, jaribu leo usiku. Simama chini ya taa ya dari, balbu ikiwa juu ya utosi wako, mtu akupige shavu. Kisha zima taa ile, washa flashi ya simu, apige tena kutoka palepale. Ukiziweka picha hizo mbili bega kwa bega utaona "matibabu" ya sekunde kumi.

Niliwahi kufanya hivyo na mfanyakazi mwenzangu mwenye makovu ya tangu kidato cha nne. Picha ya kwanza chini ya taa ya juu, ya pili mbele ya taa ya duara kama zile za watu wa TikTok. Nilipowaonyesha wateja watatu waliokuwa wakisubiri, mmoja alisema huyu ametibiwa kwa kuchomwa visindano mara nne, mwingine akasema hapana, hii ni leza. Ilikuwa ni taa, na zilikuwa zimepita dakika tano.

Sasa nitajuaje taa ilikuwa wapi, na mimi sikuwepo?

Kuza picha, uangalie mboni ya jicho. Taa iliyommulika mtu huwa imejiandika pale. Taa ya duara inaacha pete nyeupe, dirisha linaacha mraba, balbu ya dari inaacha kinukta juu kabisa au haionekani kwa sababu nyusi zimeifunika. Ukikuta kinukta upande wa kabla na pete upande wa baada, umeshapata jibu: hizo ni taa mbili tofauti, na mashimo ya picha hizo hayalinganishiki tena.

Kliniki nyingine huficha macho kulinda siri ya mgonjwa, na hiyo ni sababu ya halali. Hapo tazama kivuli cha pua. Kikidondokea kwenye mdomo, taa ilikuwa juu. Kisipokuwepo kabisa, taa ilikuwa mbele. Kivuli cha taya juu ya shingo kinasema vilevile. Picha iliyokatwa ikabaki kipande cha shavu tu, bila pua, bila sikio, bila shingo, mimi huwa siisomi. Haina pa kuanzia.

Kuna jambo moja la ngozi zetu ambalo maelezo yaliyoandikwa kwa ajili ya Wazungu hulisahau. Kwenye ngozi nyeusi, hali ya juu ya ngozi huonekana sana kupitia mng'ao. Shavu lililopakwa mafuta, au lililotoka jasho, linaonyesha kila bonde. Shavu lililotoka kuoshwa na kufutwa, au lililopigwa poda kidogo, linanyamaza. Kwa hiyo kama upande wa kabla unang'aa na upande wa baada ni mkavu, usikimbilie kufurahi.

Upande wa baada uso ni mweupe zaidi. Madoa yamepungua au picha imeongezwa mwanga?

Angalia sehemu ambazo hakuna aliyezitibu: ncha ya sikio, shingo, weupe wa jicho, meno, kola ya nguo, ukuta. Vyote vikiwa vimeng'aa kwa kiasi kilekile, kilichobadilika ni kamera. Na si lazima mtu awe amekusudia. Simu hupima mwanga wa picha yote na kujirekebisha yenyewe: ukimfunga mgonjwa taulo jeupe kichwani, mara nyingi itautia uso giza, ukimvika shuka jeusi, itaung'arisha. Nimeona kliniki ambayo taulo jeupe hufungwa siku ya kwanza kwa ajili ya usafi, na siku ya mwisho mteja anapigwa akiwa amevaa nguo zake. Hakuna mwizi hapo, lakini picha inadanganya vilevile.

Rangi nayo ni ushahidi. Ukuta ukiwa wa njano upande wa kushoto na wa buluu upande wa kulia, madoa hayawezi kulinganishwa, maana rangi ya doa hubadilika kufuata rangi ya taa.

Ikiwa sikio na shingo vimebaki vilevile na uso peke yake ndio umeng'aa, uliza swali jingine: amepakwa nini? Krimu zenye steroidi kali hutuliza wekundu na uvimbe upesi na kuufanya uso mzima ung'ae, na picha ya wiki ya pili au ya tatu huwa nzuri sana. Ngozi kuwa nyembamba, vipele kurudi kwa hasira na mishipa kuanza kuonekana, hayo huja baadaye, wakati picha imeshatundikwa. Jinsi ya kutofautisha: doa lililotibiwa hupungua peke yake na kuifikia rangi ya ngozi iliyolizunguka. Ngozi yote ikipanda rangi pamoja na doa, huo ni uchubuaji.

Pembe na mkao vina uzito gani?

Kwa makovu ya aina fulani, uzito mkubwa. Kwa macho ya mpiga picha nayagawa makovu ya shimo mara tatu. Kuna visima, vyembamba na virefu kama vilivyotobolewa kwa sindano. Kuna mashimo yenye kingo zilizosimama. Na kuna mabonde, mapana, ambayo yameshikiliwa chini na nyuzi zinazoivuta ngozi ndani. Mabonde ukiivuta ngozi kidogo yanapotea. Kwa hiyo mtu akijaza hewa shavuni, akitabasamu, akigeuza shingo mpaka shavu likakaza, au akilala chali kitandani shavu likarudi nyuma, amepona kwa muda wa picha. Tafuta mto na ukingo wa kitanda nyuma ya kichwa. Tafuta kona za mdomo kama ziko urefu uleule. Visima havidanganyiki hivyo. Kama visima vimebaki na mabonde tu ndiyo yametoweka, shuku mkao kwanza.

Umbali pia unabadilisha uso. Mwaka 2018 watafiti wa Marekani walikokotoa kwamba picha iliyopigwa sentimita 30 hivi kutoka usoni huifanya pua ionekane pana zaidi kwa karibu asilimia 30 kuliko iliyopigwa mita moja na nusu. Hilo linawahusu zaidi wanaotaka kupunguza pua, lakini kwetu linatusaidia kutambua kitu: sikio likionekana kubwa upande mmoja na kufichika upande mwingine, mpigaji alisogea.

Wameandika "wiki 2". Si ndiyo vizuri, kumbe inafanya kazi haraka?

Hapa ndipo ninapotaka ukae kidogo, kwa sababu taa utaigundua kwa macho, lakini muda hauonekani. Unapaswa kuujua.

Ngozi ikichomwa kwa visindano vidogo, huvimba. Uvimbe wa siku za mwanzo unajaza mashimo kwa ndani, kama kitumbua kinavyojaa kwenye karai, na shavu linaonekana nyororo. Anayepiga picha siku ya pili au ya tatu, wekundu ukishatulia, anapiga uvimbe. Uvimbe ukiondoka, mashimo yanarudi karibu yote. Kazi yenyewe, yaani ngozi kujitengenezea nyuzi mpya chini ya kovu, huanza polepole na kuendelea kwa miezi. Ndiyo maana matibabu haya hurudiwa, kwa kawaida mara 3 hadi 6, kila baada ya wiki 4 hadi 6, na picha ya kuhukumu hupigwa miezi 3 hadi 6 baada ya mara ya mwisho. Ukipiga hesabu, mtu aliyeanza Januari na kufanya mara nne hawezi kuwa na picha ya baada ya kuaminika kabla ya Julai. Akikuonyesha ya Februari, amekuonyesha kitu kingine.

Upande wa tiba ya kubambua ngozi ya juu kwa kemikali, mtego uko kinyume kidogo. Ngozi ya juu ikishabambuka, baada ya wiki moja hivi, kilicho chini ni kipya, laini na kinang'aa. Ni saa ya picha. Lakini ngozi nyeusi iliyoumizwa hujibu kwa kuongeza rangi, na weusi huo hujitokeza wiki kadhaa baadaye. Kwa hiyo picha ya siku ya kumi imepigwa katikati ya mlango: maumivu yameisha, na weusi, kama upo, haujafika. Nimepokea wateja waliokuja na picha yao nzuri ya siku ya kumi kwenye simu, na uso wa wiki ya sita ukiwa na madoa mengi kuliko walivyoanza. Kliniki iliyowapiga ile picha ilikuwa bado inaitumia kwenye matangazo.

Kisha kuna muda unaofanya kazi bure. Doa jeusi linaloachwa na chunusi si kovu. Ni rangi iliyomwagika, na kwa watu wengi hufifia lenyewe kwa miezi kadhaa hadi mwaka na zaidi, hasa chunusi mpya zikikoma na mtu akijikinga na jua. Watu huenda kliniki uso ukiwa umefikia pabaya kabisa. Siku hiyo ndiyo picha ya kabla inapopigwa. Miezi minane baadaye uso huo ungekuwa nafuu hata angepaka mafuta ya mgando tu. Ndiyo maana mimi hutenganisha: madoa yakipungua, nauliza miezi mingapi imepita; mashimo yakipungua kwa taa ileile, hapo ndipo navua miwani na kutazama vizuri, kwa sababu mashimo hayajazi yenyewe.

Nimetumiwa jozi hii na kliniki. Unaisomaje?

Nakupa mfano wa niliyoletewa na mteja mmoja, aliyekuwa tayari kulipa siku ileile.

Kushoto: mwanamke, shavu la kulia, nywele zimesukwa na kubanwa nyuma, taulo jeupe kichwani, mdomo umefungwa. Kulia: shavu lilelile, wigi limeshuka mpaka taya, anatabasamu. Chini imeandikwa kwamba ametibiwa mara moja, wiki 2.

Kwanza nilitafuta kama ni mtu mmoja. Alikuwa na baka dogo chini ya sikio na jingine karibu na pua, na yote yalikuwa mahali pake, upande wake. Ni yeye, na picha haikugeuzwa. Kisha jicho: kushoto hakuna kinukta na kivuli cha pua kimefika mdomoni, kulia kuna pete safi. Taa imehama kutoka juu hadi mbele. Shingo na ncha ya sikio kulia vimeng'aa sawa na shavu, kwa hiyo kamera nayo imeingiza mwanga zaidi.

Halafu nilifanya kitu ambacho nakushauri ukijifunze: nilihesabu mashimo. Hayahami. Ukishika baka la karibu na pua kama nanga, unaweza kuyatafuta moja moja kama mvuvi anavyosoma nyota. Kushoto nilihesabu tisa. Kulia nilipata saba palepale yalipokuwa, yakiwa hafifu, kila moja na ukingo mwembamba unaoonekana ukikuza picha. Mawili yaliyobaki yalikuwa chini ya wigi.

Madoa je? Matatu kati ya matano yalikuwa yamefifia kweli kweli, hata ukilinganisha na ngozi ya pembeni yake. Inawezekana tiba imesaidia. Inawezekana ni mekapu nyepesi, maana nyusi zilikuwa zimechorwa, na aliyechora nyusi kwa kawaida hakuishia hapo. Jibu langu kwa mteja lilikuwa kwamba picha hii haithibitishi kuwa tiba haifanyi kazi. Inathibitisha tu kwamba kwa mashimo haijaonyesha chochote. Aliwaandikia kuomba picha ya mgonjwa yuleyule ya miezi sita baada ya tiba. Hawakujibu.

Filta je? Hizo si ndizo mbaya zaidi?

Filta nzito unaigundua haraka: vinyweleo na vitundu vya ngozi vimepotea, lakini nyusi na kope ni kali kama wembe. Inayosumbua ni ile hali ya urembo ambayo simu nyingi huja nayo imeshawashwa, hasa kwenye kamera ya mbele. Mtu anaapa hajatumia filta na anasema kweli. Tazama paji la uso na pua: hakuna binadamu mzima asiye na vitundu vya ngozi puani. Kumbuka pia kwamba WhatsApp huifinya picha na kulainisha vitu vidogo, kwa hiyo jozi ambayo upande mmoja ni mkali na wa pili una ukungu, huenda upande wa pili umesafiri simu nyingi.

Nitajuaje picha si ya kuiba?

Itafute kwa Google Lens. Picha za kliniki za Korea na Marekani huzunguka sana. Ukuta, kiti na taa zikibadilika kabisa kwa kila mgonjwa wa kliniki moja, nayo ni dalili. Anayepiga zake mwenyewe huwa na ukuta mmoja unaochosha.

Mambo haya yanahusu na kunyonya mafuta au kuongeza makalio?

Taa na mkao, ndiyo, ila muda una hila yake. Makalio yaliyopigwa picha mezani, upasuaji ukiwa ndiyo kwanza umeisha, yana uvimbe na mafuta yote yaliyoingizwa, na sehemu ya mafuta hayo mwili utayafyonza katika miezi inayofuata. Tumbo nalo hubaki na uvimbe kwa miezi. Umbo la kuhukumu ni la miezi sita baada ya upasuaji, mtu akiwa amesimama, mikono mahali pamoja kwenye picha zote mbili, na chupi ileile isiyobana kiuno. Zaidi ya hapo waulize wanaofanya kazi hiyo. Mimi ni mtu wa mashavu.

Niwaombe nini kliniki kabla ya kulipa?

Omba watu watano waliotibiwa mfululizo, wenye rangi ya ngozi na aina ya makovu kama yako, badala ya yule mmoja wa ukutani. Uliza tarehe ya kila picha na ni miezi mingapi tangu mara ya mwisho. Uliza pia picha ya mtu ambaye hakupata nafuu, au aliyepata weusi. Daktari mzuri anazo, na kwa uzoefu wangu huzitoa bila kununa. Ukiambiwa kwamba hajawahi kutokea mtu wa hivyo, ama wameanza kazi juzi, ama hawawaiti wagonjwa wao tena.

Kwa makovu makubwa matarajio ya kweli ni kupungua. Shavu lililokuwa na mashimo na sasa halina hata moja, chini ya taa yoyote, sijawahi kulipiga.

Nami nikianza matibabu, nijipigeje?

Chagua sehemu moja ya nyumba yenye taa ya juu ambayo haibadiliki, usiku, madirisha yamefungwa. Bandika kipande cha gundi ya karatasi sakafuni unaposimama wewe, na kingine anaposimama mpigaji, kama mita moja, atumie kamera ya nyuma na kukuza kidogo badala ya kusogea. Zima hali ya urembo na flashi. Osha uso, futa, subiri robo saa, usipake kitu. Funga kitambaa kilekile kichwani, kiwe cha kijivu ukikipata. Picha tatu: mbele, shavu la kulia, shavu la kushoto, mdomo umefungwa, meno yasikazwe. Kisha piga seti ya pili palepale flashi ikiwa imewashwa, kwa ajili ya madoa. Ile ya kwanza ni ya mashimo.

Rudia kabla ya kila tiba, na mwezi wa 3 na wa 6 baada ya ile ya mwisho. Siku tatu za mwanzo baada ya kuchomwa piga ukitaka, ila ziweke kwenye folda yake. Na unapomtumia daktari kwa WhatsApp, zitume kama Document, zisifinywe njiani.